Mama kahara, sasa miguu haina nguvu: maswali kuhusu potasiamu kushuka

"Mama yangu ana miaka 63, kila asubuhi anakunywa haidroklorothiazidi ya presha. Alihara siku nne. Kuhara kumekata, lakini akikaa kwenye kigoda hawezi kuinuka mpaka ashikwe, na anasema moyo unaruka. Jirani anasema ni uchovu, apumzike."

Mpeleke hospitali leo hii, usingoje kuche, na ubebe dawa zake zote. Uchovu wa kuhara humfanya mtu atake kulala. Huu wa mama ni mwingine: mapaja yenyewe yamekataa kazi. Mtu wa namna hii utamwona anajisukuma kwa mikono ili asimame, au anashindwa kuinuka chooni. Tumbo nalo linaweza kujaa gesi na choo kikagoma, kwa sababu utumbo pia ni msuli.

Ninachokihofia ni potasiamu, madini yanayofanya misuli na moyo vifanye kazi. Ile haidroklorothiazidi yake ni dawa ya kukojoza, nayo huitoa kwa mkojo kila siku, na kwa kawaida chakula hufidia. Kuhara kukaitoa kwa njia ya pili, na hamu ya kula ikapotea. Kisha mwili ulipoishiwa maji, figo zilianza kung'ang'ania chumvi ili zibakize maji, na katika kufanya hivyo zikazidi kuimwaga potasiamu. Mtu anaipoteza potasiamu pande tatu kwa pamoja, naye anaendelea kumeza kidonge kwa sababu aliambiwa asikiruke.

"Tumempeleka. Potasiamu ni 2.6. Daktari amemfunga nyaya kifuani kupima umeme wa moyo. Mbona shida ni ya miguu?"

Kiwango cha kawaida ni kama 3.5 hadi 5.0. Karibu potasiamu yote ya mwili inakaa ndani ya seli, na ile kidogo iliyo kwenye damu ndiyo inayosaidia kupanga umeme wa misuli. Ikishuka, msuli wa paja hulegea. Moyo haulegei hivyo, bali hupoteza mpangilio: unapiga pigo kabla ya zamu yake, unatulia kidogo, kisha unapiga kwa nguvu. Ndiko huko "kuruka" anakokusikia mama. Mapigo hayo yakifululiza, moyo unaweza kusimama, na hakuna anayeweza kuliona hilo kwa kumtazama mgonjwa usoni. Kwa hiyo nyaya zile ni za lazima. Kama anatumia digoksini, dawa ya moyo, mwambieni daktari sasa hivi, maana hatari huongezeka sana.

"Wamemwekea dripu yenye potasiamu, inakwenda polepole mno. Kwa nini wasimchome sindano moja akapona?"

Sindano hiyo ingemuua. Potasiamu ikisukumwa moja kwa moja kwenye mshipa, inaufikia moyo kwa wingi na kuusimamisha. Ampuli ya mililita 10 ya asilimia 15 ina milimoli 20, na milimoli ni kipimo cha wingi wa potasiamu. Inachanganywa, kwa mfano, kwenye mililita 500 za maji ya chumvi, na chupa inapinduliwa mara kadhaa, kwa sababu dawa isipochanganyika hutuama chini na mgonjwa akaipata yote mwanzoni. Halafu inapita kwa saa mbili au zaidi, yaani isizidi milimoli 10 kwa saa kwenye mshipa wa mkono. Kwanza wanahakikisha anakojoa, kwa kuwa figo zisipofanya kazi potasiamu hupanda kupita kiasi. Mkono ukiwaka moto, mwite muuguzi, usiizungushe mwenyewe roda ya dripu.

"Leo imefika 3.2, anarudi nyumbani na vidonge vya potasiamu. Nimpe ndizi na madafu badala yake?"

Mpe vyote, ila ndizi isichukue nafasi ya kidonge. Ndizi mbivu moja ina kama milimoli 10, na mtu aliyefika 2.6 amepungukiwa mamia. Kidonge cha miligramu 600 kina milimoli 8. Akimeze kizima baada ya chakula, kwa glasi nzima ya maji, akiwa amekaa wima, kwani kikinata kooni kinachoma. Asikitafune wala kukisaga.

Arudi kupimwa baada ya siku mbili tatu. Ikikataa kupanda, waulizeni kuhusu magnesiamu, madini mengine ya mwilini: ikiwa chini, figo huendelea kuimwaga potasiamu hata umpe vidonge vingapi. Na kama amebadilishiwa dawa ya presha na kupewa enalaprili, losartani au spironolaktoni, uliza kabla ya kuendelea na vidonge hivi, kwa sababu dawa hizo huibakiza potasiamu mwilini.

Akihara tena, mpe ORS ya pakiti, moja kwa lita moja ya maji safi. Ile ya kukoroga nyumbani kwa sukari na chumvi inarudisha maji lakini haina potasiamu. Siku hiyohiyo piga simu kliniki uulize kama kidonge cha kukojoza kisimame kwa muda, na kirudi lini.