TSH ikipanda, tezi imelegea

Kijana mmoja alikuja dirishani kwetu maabara kuchukua majibu ya mama yake mdogo. "Ni yale ya tezi dume," akasema. Foleni nzima ikacheka. Hilo nimeshalizoea, siku hizi ukitaja tezi watu wanadhani mwili una moja tu, na ni ya wazee wa kiume. Kilichoniudhi ni alichosema baada ya kuitazama karatasi: "Kumbe thairoidi imepanda!"

Haikupanda. Kilichokuwa juu ni kipimo cha TSH; thairoidi yenyewe ilikuwa imelala.

Thairoidi, kwa Kiswahili tezi dundumio, ipo shingoni chini ya kikoromeo. Inatoa homoni, hasa T4, inayoamua mwili uende kwa kasi gani. Ikilegea, mtu anachoka, anaona baridi hata jua la Mwanza likiwaka, ngozi inakauka, choo kinakuwa kigumu, anaongezeka uzito. Ikizidisha kazi, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, joto linamsumbua, anakonda huku anakula vizuri. Goita, ule uvimbe wa shingoni, inaweza kutokea upande wowote kati ya hizo mbili, kwa hiyo shingo pekee haitoi jibu. Jina thairoidi lina asili ya Kigiriki, ngao. Thomas Wharton, daktari wa Kiingereza, ndiye aliyeipa tezi hiyo jina mwaka 1656.

Sasa TSH, kifupi cha Kiingereza cha homoni ya kuchochea thairoidi. Herufi hizo ndizo zinazowapoteza watu, kwa sababu TSH haitoki kwenye thairoidi. Inatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza thairoidi. Mfikirie tajiri wa mitumbwi pale Mwaloni Kirumba. Samaki wakija wachache, anawapigia simu vijana wake ziwani kila saa: mko wapi, vuteni nyavu! Samaki wakifurika, simu inanyamaza. TSH ni zile simu, T4 ndiyo samaki. Simu nyingi maana yake samaki hawatoshi. Ndiyo maana tezi ikilegea TSH hupanda, na ikizidisha kazi TSH hushuka hadi karibu na sifuri. Mara chache tajiri mwenyewe ndiye mgonjwa: hapigi simu na samaki hawaji. Kwa hiyo daktari hupenda kuona na T4, asiitegemee TSH peke yake.

Mama mdogo wa yule kijana anauza dagaa. TSH yake ilikuwa 46, wakati kawaida ni kama 0.4 hadi 4, na T4 ilikuwa chini. Akaanzishiwa levothairoksini, mikrogramu 50 kwa siku. Dawa hii ni T4 yenyewe, inaziba pengo la ile ambayo tezi haitoi. Wiki 8 baadaye TSH ilikuwa 11. Nyumbani wakasoma: "Bado iko juu, dawa inaipandisha." Akaanza kuvunja kidonge nusu ili ishuke. Kipimo kilichofuata kilitoka 29.

Alipoulizwa vizuri, kumbe kulikuwa na la pili. Kidonge alikimeza na chai ya maziwa, pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Madini ya chuma huishika dawa tumboni isiingie mwilini, na maziwa nayo yana kalsiamu inayofanya vivyo hivyo. Daktari akamrudisha kwenye kidonge kizima, ila akabadilisha saa. Mama huamka saa kumi na nusu alfajiri kuwahi soko; akawa anakimeza hapo hapo kwa maji matupu, chai saa kumi na mbili, vidonge vya damu mchana. Nusu saa hadi saa moja kabla ya kula inatosha, lakini chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia zikae mbali kwa saa 4. Wiki 8 tena, TSH ikawa 3.1. Kupima mapema zaidi kungempotosha, maana T4 huchukua kama wiki moja kupungua nusu mwilini, na TSH huchelewa kutulia baada ya dozi kubadilika.

Mjamzito anayetumia dawa hii asisubiri kliniki ya kwanza. Amwambie daktari mara tu anapojua ana mimba, kwani mara nyingi dozi huhitaji kuongezwa. Na aliyepata nafuu asiache mwenyewe. Nafuu ile imeletwa na kidonge.

Kijana alirudi juzi na karatasi ya 3.1. "Thairoidi imeshuka," akaniambia kwa furaha. Nikamwambia taratibu: mwanangu, iliyoshuka ni TSH. Kuhusu thairoidi, sema mama amepata homoni ya kutosha.