Atestasio ya kupoteza kadi: inakufikisha wapi, na hadi tarehe gani

Mama mmoja wa Katuba, muuza unga, aliibiwa mkoba akiwa ndani ya basi. Mlikuwa na simu na kadi yake ya uchaguzi. Wiki chache baadaye akafika kwenye dirisha langu la benki akiwa na karatasi moja tu, atestasio ya komini inayosema amepoteza kitambulisho. Aliniuliza swali ambalo nasikia karibu kila siku hapa Lubumbashi: karatasi hii mnaipokea, ao hapana?

Jibu linategemea kazi anayotaka ifanye. Kwanza tukumbuke kwamba hata kadi iliyoibiwa ilikuwa ya muda. Sheria ya 24 Desemba 2004 juu ya kuandikisha wapiga kura ndiyo iliyoifanya kadi ya CENI isimame mahali pa kitambulisho, tukingojea kadi ya taifa. Kadi hiyo ya taifa ilizinduliwa Kinshasa tarehe 30 Juni 2023, lakini kazi ya kuitengeneza ikakwama mwaka uliofuata, na watu wengi hawajaigusa. Basi atestasio ni karatasi ya muda inayoshika nafasi ya kadi ya muda. Ndiyo sababu ina nguvu kidogo.

Mama alianzia mahali panapofaa: kwenye duka la kampuni ya simu. Namba yake ndiyo iliyokuwa na pesa za wateja, na bila kitambulisho hawawezi kumrudishia laini. Pale walilinganisha jina na tarehe ya kuzaliwa na yale aliyojiandikisha nayo, wakampa laini mpya. Kama komini ingekosea herufi moja ya jina lake, angerudishwa. Kwa hiyo soma karatasi yako pale pale ofisini, kabla ya kuondoka na kabla wino wa muhuri haujakauka.

Barabarani polisi wengi wanaikubali mradi ina picha na muhuri. Lakini Kasumbalesa usiende nayo ukitegemea kuvuka. Ni karatasi ya ndani ya nchi, na afisa wa Zambia hana sababu ya kuitambua.

Benki ni habari nyingine. Kanuni za kuzuia pesa chafu zinatutaka tuone hati rasmi: ya asili, yenye picha, ambayo muda wake haujapita, kisha tubaki na kopi. Atestasio isiyo na picha inaanguka hapo hapo, hata kama burugumestre mwenyewe ameitia sahihi. Ya mama ilikuwa na picha, na muhuri ulipita nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi. Naangalia sana alama hiyo: picha iliyobandikwa baadaye hukata duara la muhuri, na mistari haikutani tena.

Kilichomshinda mama ni hesabu ya siku. Karatasi yake ilisema miezi mitatu, na ilitiwa sahihi tarehe 4 Machi. Kwangu alifika 29 Aprili, akidhani ana miezi mitatu kuanzia siku ile. La. Muda huhesabiwa tangu sahihi, kwa hiyo zilibaki siku 36. Nilimfungulia konti, na kwenye faili nikaandika 4 Juni. Tarehe hiyo ikipita bila hati mpya, konti haifutwi wala pesa hazipotei, lakini mtu wa dirisha atamwomba kitambulisho kabla ya kumtolea chochote.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Kadi nyingi za 2023 zilifutika mapema: picha ikapauka, jina likabaki kivuli. Mtu anaenda komini kusema ameipoteza, huku anayo mfukoni. Usifanye hivyo. Atestasio ya kupoteza ni tangazo lako mwenyewe mbele ya serikali, na siku utakapotoa kadi ile ya zamani kwa bahati mbaya, karatasi zako mbili zitakuwa zinapingana. Sema ukweli, kwamba imefutika, uonyeshe kadi, na uombe waandike hivyo pamoja na namba yake. Nakala mpya ni kazi ya CENI, si ya komini, nayo haitolewi kila siku ya mwaka. Ukiwa na pasipoti ao leseni ya kuendesha ambayo haijaisha muda, leta hiyo benki. Itakuondolea safari zote hizi.

Mama wa Katuba alirudi tarehe 2 Juni na atestasio mpya. Ile ya zamani alikuwa ameiacha komini, kwa sababu waliitaka kabla ya kuandika nyingine. Bahati nzuri kopi ilikuwa kwenye faili letu. Nilibadilisha tarehe, nikamrudishia karatasi yake, naye akaikunja katika plastiki ya unga.