Mkalimani wa Mazungumzo ya Biashara: Nani Amwite, Nani Amlipe

Tuchukue mfano wa kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti mkoani Singida, ambacho wamiliki wake wanataka kununua mtambo mpya kutoka kampuni ya Kichina. Wawakilishi watatu wa kampuni hiyo watakuja Dar es Salaam kujadili bei, malipo ya awali na dhamana. Tarehe na ukumbi vimeshakubaliwa kwa barua pepe, lakini mkalimani hakutajwa hata mara moja.

Dhana: Mwenyeji ndiye anayemwita na kumlipa mkalimani.

Hakuna kanuni ya namna hiyo. Mara nyingine hulipa aliyeomba mkutano, na mara nyingine gharama hugawanywa nusu kwa nusu. Hata hivyo, panapojadiliwa bei na masharti, utaratibu ulio salama zaidi ni ule uliozoeleka katika diplomasia: kila upande huja na mkalimani wake na kumlipa wenyewe. Mkalimani wa Singida hupeleka maneno ya Waswahili kwa Kichina, yule wa wageni huleta ya Wachina kwa Kiswahili, na kila mmoja humsikiliza mwenzake ili kosa likitokea lisahihishwe pale pale.

Fedha zikiwa hazitoshi kuwalipa wawili, mmoja anaweza kuwatumikia wote, ila pande zote zimkubali kwanza. Katika hali hiyo kampuni moja ndiyo iingie naye mkataba na kupokea ankara, kisha yenyewe idai nusu kwa mwenzake. Sentensi moja ya barua pepe inatosha: “Mkalimani ataagizwa na kulipwa na kiwanda, na kampuni itarejesha nusu ya gharama ndani ya siku 14 baada ya kupokea nakala ya ankara.” Mkalimani aliyeachwa adai nusu huku na nusu kule ndiye anayeishia kuzungushwa miezi mitatu.

Dhana: Anayemlipa mkalimani amenunua mtetezi.

Malipo hununua usahihi na usiri, ambao ni vyema uandikwe katika mkataba. Mkurugenzi akisema kwa hasira kwamba bei hiyo ni wizi, mkalimani ataufikisha wizi huo kama ulivyo, bila kuupaka asali. Mkitaka kushauriana faraghani, ombeni mapumziko mtoke nje. Msinong'one mezani mkitegemea kwamba mkalimani wa upande wa pili hasikii Kiswahili.

Dhana: Meneja mauzo wao anajua Kiswahili, basi anatosha.

Huyu ana maslahi katika mauzo yale yale, na hata akiwa mwaminifu kupindukia, kujadili na kufasiri kwa wakati mmoja humchosha mtu haraka. Mtego mkubwa uko kwenye tarakimu. Wachina huhesabu kwa mafungu ya elfu kumi, na fungu moja huitwa wan, hivyo anayesema “thelathini wan” anamaanisha 300,000. Mtu aliyechoka huisikia ile thelathini na kutamka elfu thelathini, na mjadala huendelea kwa dakika kumi kila upande ukiwa na bei yake kichwani. Mkalimani makini huandika kila kiasi kwenye karatasi inayoonekana na wote, pamoja na jina la sarafu.

Dhana: Gharama ni saa za mkutano tu.

Wakalimani wengi hutoza kwa nusu siku au siku nzima. Kabla ya kukubaliana, ulizeni kuhusu nauli, posho ya kulala, muda wa ziada na fidia ya kuahirisha, na iandikwe wazi kama kiasi kilichotajwa ni kabla au baada ya kukatwa kodi ya zuio, kwa maana hapo ndipo ugomvi mwingi wa mwisho wa siku huanzia. Rasimu ya mkataba na maelezo ya mtambo mpelekeeni siku kadhaa mapema. Mtu asiyewahi kuona neno la Kichina la kikamulio au kichujio hawezi kulibuni mbele ya wageni.

Ukalimani fuatizi, ambapo msemaji hunyamaza ili maneno yake yafasiriwe, hukaribia kurefusha mazungumzo maradufu. Mazungumzo ya saa mbili yatengewe saa nne, pamoja na mapumziko.

Jambo la mwisho kwenye barua ya mwaliko ni saa yenyewe. Katibu wa kiwanda akiandika “3:00 asubuhi”, kama tunavyoandika sisi kila siku, mkalimani wa Kitanzania atafika mapema na kunywa chai, ilhali wageni watajiuliza ni mkutano gani huo wa usiku wa manane. Aandike 9:00, kwa saa za Tanzania, kisha kwa upande wa Kiswahili aongeze “saa tatu asubuhi” kwa maneno.