Nguzo ya Juni ni 120, toa au ongeza 3

Wiki iliyopita muuguzi wa zahanati moja alinitumia picha ya grafu ya mihimili iliyobandikwa ukutani: wagonjwa wa malaria kwa mwezi, Januari hadi Juni. Daftari lenyewe lililoa maji, kwa hiyo ukuta ndio uliobaki na kumbukumbu. Mihimili hiyo hapa nitaiita nguzo, maana mhimili ni pia ule mstari wa pembeni wenye namba, na tutauhitaji sana.

Kwanza nilimwomba aitume tena kama faili, si kama picha ya kawaida ya WhatsApp, kwa sababu njiani picha hubanwa na kingo za nguzo hugeuka ukungu. Kisha nikahakikisha kwamba mhimili wa wima unaanzia sifuri. Ukianzia 50 na wewe ukapima urefu wa nguzo tu, kila namba itapungua kwa 50, na jedwali litaonekana safi kabisa.

Kupima kwenyewe si kugumu. Fungua picha kwenye programu inayoonyesha mahali kishale kilipo kwa pikseli, soma ulipo mstari wa 0 na ulipo mstari wa 200, kisha kilele cha nguzo. Kumbuka pikseli huhesabiwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kilele kina namba ndogo kuliko kitako. Upande wa kushoto wa picha yangu, sifuri ilikuwa pikseli ya 1420 na 200 ilikuwa ya 420. Pikseli 1000 kwa wagonjwa 200, yaani pikseli 5 kwa mgonjwa mmoja. Kilele cha Juni kilikuwa 852. Toa 852 kwenye 1420, gawanya kwa 5, unapata karibu 114.

Jibu hilo si sahihi. Mpiga picha alisimama kushoto, kwa hiyo upande wa kulia, ilipo Juni, uko mbali zaidi na umesinyaa. Utaligundua hilo kwa kupima mistari ya gridi pande zote mbili. Kulia, mstari wa 100 uko pikseli ya 940 na wa 150 uko 720: pikseli 220 kwa wagonjwa 50, yaani 4.4 kwa mgonjwa. Kilele kiko pikseli 88 juu ya mstari wa 100. Gawanya 88 kwa 4.4 upate 20, kwa hiyo Juni ni 120. Wagonjwa sita walikuwa wamepotelea kwenye pembe ya kamera. Tangu hapo kila nguzo niliipima kwa mistari miwili iliyo karibu nayo, wa chini na wa juu yake. Kuna programu za kunyoosha picha na hata za kusoma grafu, kama WebPlotDigitizer, lakini nguzo sita hazikunipa sababu ya kuifungua.

Sasa, 120 kwa uhakika gani? Ukingo wa kilele ulikuwa na ukungu wa pikseli kama 12, na kalamu iliyochora ilikuwa nene. Niliporudia kesho yake bila kutazama jibu la kwanza, nikapata 122. Nikaandika toa au ongeza 3. Bahati nzuri juu ya nguzo ya Machi palikuwa na namba kwa mkono, 171, na usomaji wangu wa nguzo hiyo ulikuwa 169. Kosa lilibaki ndani ya 3, nikaridhika.

Ncha ya Mei ilifunikwa na mng'ao wa flashi. Hiyo haiandikwi sifuri, na wala haibuniwi kwa kutazama Aprili na Juni.

```
mwezi,makadirio,chini,juu,chanzo
Machi,171,,,namba iliyoandikwa
Aprili,164,161,167,imesomwa kwenye picha
Mei,,,,haisomeki
Juni,120,117,123,imesomwa kwenye picha
```

Neno makadirio nimeliweka kwenye jina la safu kwa makusudi. Tanbihi chini ya jedwali hubaki nyuma watu wanaponakili. Jina la safu husafiri na namba zake. Desimali nazo niliziacha baada ya aibu ya zamani: niliwahi kutuma 119.7, mwenzangu akajumlisha, na ripoti ikatoka na wagonjwa 719.2. Hakuna aliyeuliza ile sehemu mbili ya kumi ya mgonjwa ni nani.

Februari nilisoma 117, toa au ongeza 3. Muuguzi akauliza kama anaweza kuandika kwamba malaria iliongezeka kati ya Februari na Juni. Nikamjibu hapana: Februari yaweza kuwa 120 na Juni 117, na picha hii haiwezi kuzitenganisha. Kwamba Aprili ilikuwa juu ya zote mbili, hilo aandike. Mei amekwenda kuipiga picha upya, safari hii bila flashi na akiwa amesimama mbele yake.