Fomu Imefika, Kazi Bado: Jinsi ya Kusoma na Kuandika Ujumbe wa Kwanza kwa Waombaji Kazi

Miaka michache iliyopita, wakati wilaya moja ya huku Nile Magharibi, Uganda, ilipokuwa ikiajiri wauguzi na walimu kwa mpigo, bwana mmoja aliingia ofisini kwetu akiwa amevaa suti na kushika begi. Alifungua simu akanionyesha ujumbe wetu wenyewe: "Ombi lako limepokelewa. Asante." Alikuwa amekuja kuripoti kazini. Ilibidi nimweleze kwamba fomu yake ilikuwa bado ndani ya boksi pamoja na nyingine mia kadhaa, na hakuna aliyekuwa ameifungua.

Kosa halikuwa lake. Kwa Kiswahili, dua ikipokelewa maana yake imekubaliwa. Mtu akiambiwa ombi lake limepokelewa, ana haki ya kusikia kwamba limepita. Tangu siku ile niliacha kabisa neno "limepokelewa" katika ujumbe wa kwanza, nikaanza kuandika "fomu imefika". Fomu ni karatasi, na karatasi hufika tu, haikubaliwi wala kukataliwa kwa kufika.

Ninaandika haya kama afisa utumishi ambaye kila msimu wa ajira huandikisha maombi. Nawaandikia wanaosubiri ujumbe huo, na pia shule, zahanati na vyama vya ushirika ambavyo vinaajiri bila kuwa na idara ya kuwaandikia.

Tuchukue mfano. Wilaya imetangaza nafasi 40, na hadi siku ya mwisho fomu 2,300 zimeletwa. Katika utumishi wa umma Uganda, mwombaji hujaza Fomu Namba 3 ya Utumishi wa Umma, kwa kawaida nakala tatu, akaambatisha picha na nakala za vyeti. Kwa hiyo tunazungumzia karibu nakala 7,000 za fomu, mbali na vyeti. Ofisi yenye makarani watatu haitazimaliza kwa siku mbili. Hapo ndipo ujumbe wa kwanza unapohitajika, na ujumbe tunaoutumia ni huu:

"Amina, fomu yako ya kazi ya muuguzi imefika 14/3. Namba: M-0417. Bado haijakaguliwa. Orodha ya usaili itatoka 22/4 ubaoni na kwa SMS. Usilipe mtu yeyote."

Jina liko pale kwa sababu simu nyingi vijijini si za mtu mmoja. Kuna namba moja ambayo tuliikuta kwenye fomu kumi na moja. Ilikuwa ya kijana wa kibanda cha fotokopi, ambaye aliwasaidia majirani kujaza fomu na kuandika namba yake pale walipokuwa hawana simu. Bila jina na aina ya kazi, angepokea ujumbe kumi na moja unaofanana asijue ampelekee nani. Lakini jina linatosha. Namba ya kitambulisho cha taifa, tarehe ya kuzaliwa au alama za mtihani hazina nafasi katika ujumbe unaoweza kusomwa na yeyote aliyeshika simu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaitaka ofisi ilinde taarifa ilizokabidhiwa, na mwombaji hakutukabidhi ili zipite mikononi mwa jirani.

Tarehe ya 14/3 ni ile ya muhuri uliogongwa fomu ilipoletwa. Hili linaonekana dogo, ila limewahi kutuletea vurugu. Siku ya mwisho watu hupanga foleni hadi saa kumi jioni, fomu zinagongwa muhuri na kuwekwa kwenye maboksi, kisha karani anaziingiza kwenye kompyuta wiki nzima inayofuata. Mwaka mmoja mtambo wa kutumia ujumbe ulichukua tarehe ya siku karani alipoandika, ukawatumia watu zaidi ya mia mbili ujumbe kwamba fomu zao zilifika 21/3. Siku ya mwisho ilikuwa 14/3. Kila mmoja wao aliamini amechelewa na ameshatupwa nje. Sasa daftari letu lina safu mbili, tarehe ya muhuri na tarehe ya kuandikishwa, na ujumbe unasoma safu ya kwanza tu. Nawe mwombaji, ukileta fomu kwa mkono, omba muhuri kwenye nakala yako pia. Ujumbe ukija na tarehe isiyolingana, huo muhuri ndio utakaokutetea.

"Bado haijakaguliwa" ni maneno mawili ambayo wakubwa wangu walitaka niyaondoe, wakisema yanaonyesha uzembe. Nimeyashikilia. Yanamwambia mwombaji ukweli kwamba hatujui kama cheti chake kimo au kimesahaulika nyumbani. Wengi huuliza kwa nini tusiwaambie hapo hapo kilichopungua. Sababu ni haki. Karani akimpigia mmoja alete cheti alichosahau, lazima awapigie wote waliosahau, na siku ya mwisho imeshapita. Ofisi ikitaka kutoa nafasi ya kukamilisha, iitoe kwa wote, iiandike kwenye tangazo kabla, na iiwekee tarehe. Huruma inayomfikia yule tu ambaye karani anamfahamu inawaumiza wengine ambao hawana mtu ofisini.

Ujumbe huo, ukihesabu nafasi na alama zote, una herufi 153. Ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160, na ukizidi hapo unakatwa vipande na kila kipande kinalipiwa. Kwa hiyo usiupime kwa jina la Amina peke yake. Upime kwa jina refu kuliko yote kwenye orodha yako: Byaruhanga anaufikisha 158, bado unatosha. Lakini ukiweka "msaidizi wa maabara" badala ya "muuguzi", umeshavuka. Tuliamua kuandika "maabara" tu, na hakuna aliyepotea.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hugundua bili ikishafika. Ukiandika ujumbe kwenye programu ya kuchapa kisha ukaunakili, alama ya ritifaa katika jina kama Okong'o hugeuzwa kuwa ile iliyopinda. Alama iliyopinda haimo katika herufi za kawaida za ujumbe wa simu, basi ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine ambao unabeba herufi 70 tu, au 67 kwa kila kipande ukigawanywa. Ujumbe uleule wa herufi mia na hamsini na kitu unakuwa vipande vitatu. Ukiiweka alama hiyo kwenye maneno ya kila mtu, watu 2,300 watalipiwa vipande 6,900. Andika ritifaa iliyonyooka, moja kwa moja kwenye mtambo wa kutumia ujumbe.

Baada ya kutuma, kazi haijaisha. Mtambo hurudisha ripoti, na kila namba ina neno mbele yake. `DELIVRD` ni kwamba umefika kwenye simu. `EXPIRED` mara nyingi ni simu iliyozimwa au iliyo nje ya mtandao mpaka muda ukapita. Hizo tunazituma tena Jumapili jioni, wakati watu wamerudi nyumbani na wamechaji. `UNDELIV` ni kwamba haukufika, na namba hizo tunazilinganisha na fomu yenyewe, kwa sababu mara nyingi kosa ni letu. Jedwali la kompyuta hupenda kufuta sifuri ya mwanzo, namba inayoanza na 07 inabaki inaanza na 7. Ukiandika zote kwa 256 na tarakimu tisa baada yake, tatizo hilo linakwisha. Zile ambazo hata baada ya hapo hazipatikani, tunabandika namba zake za maombi ubaoni na kupeleka nakala kwenye gombolola. Tunabandika namba za maombi, narudia, si za simu.

Narudia kwa sababu najua ofisi moja iliyobandika daftari lake lote ukutani, majina na simu pamoja. Watu walipiga picha. Kabla ya jua kuzama, waombaji walianza kupigiwa na "afisa" aliyewajua kwa jina na kazi waliyoomba, akitaka shilingi 50,000 za kufungulia faili. Wengine walituma. Mama mmoja aliniambia aliuza kuku wake wote wa mayai, na kilichomshawishi ni kwamba mtu yule alijua kila kitu. Ndiyo maana sentensi ya mwisho ya ujumbe wetu ni amri fupi. Kuomba kazi hakulipiwi katika hatua yoyote, iwe kuandikishwa, kuitwa kwenye usaili au kupewa barua. Ukipigiwa, muulize akutajie namba yako ya maombi. Akikosa, kata simu. Hata akiitaja, akigusa pesa tu, kata vilevile na uje uiambie ofisi. Jina la mtumaji linaloonekana juu ya ujumbe nalo lisikutulize, linaweza kuigwa.

Kuhusu yanayofuata, ujumbe unataja tarehe moja tu, na ni makusudi. Katikati kuna kuandikisha fomu zote, kuzichuja kwa vigezo vya tangazo, na kikao cha Tume ya Utumishi ya Wilaya kupitisha orodha ya usaili. Baada ya usaili tume inaamua, na barua ya uteuzi inatoka kwa Afisa Mkuu Mtendaji wa wilaya. Mwombaji hahitaji yote hayo kwenye simu. Anahitaji kujua siku ambayo kimya kitakuwa na maana. Maneno yanayoandikwa na wengi, kwamba "watakaofaulu tu ndio watakaoitwa", bila tarehe yanamfunga mtu: hajui aendelee kusubiri au akubali kazi ya muda Kampala. Kabla ya 22/4 kimya chetu hakimaanishi chochote. Siku hiyo, namba M-0417 isipoonekana kwenye orodha, Amina hakuitwa, na anaweza kuamua mambo yake.

Tarehe hiyo inaweza kuteleza. Wajumbe wa kikao wakikosa kutimia, orodha haiwezi kupitishwa, na hilo haliko mikononi mwa karani. Lililo mikononi mwake ni kusema kabla tarehe haijapita. Mwaka tuliponyamaza, zaidi ya watu sitini waliamini fomu zao zimepotea wakaleta nyingine, na tukatumia siku nne kutafuta nani ameandikwa mara mbili. Sasa siku mbili kabla, tukiona hatutaweza, unatoka ujumbe huu:

"Amina, orodha ya usaili ya 22/4 sasa itatoka 9/5. Fomu yako M-0417 haijapotea. Usilete fomu nyingine."