Dachi-roli Haizimwi kwa Pedali: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Yo-dampa

Kila kundi la marubani wanaohamia kwenye jeti kutoka ndege za propela huwa na angalau mmoja anayeniambia, kwa uhakika kabisa, kwamba yo-dampa, kifaa kinachousogeza chenyewe usukani wa mkiani ili ndege isiyumbe, ikiharibika hakuna shida, kwa sababu rubani mwenye mguu mzuri ataizima mwenyewe dachi-roli, yaani kule kuyumba kwa pua na mabawa kwa pamoja. Juzi nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu mwenye saa nyingi za kuruka, na nimeona niandike kwa urefu, kwa kuwa dhana hii ndiyo inayonisumbua kuliko nyingine zote na ndiyo yenye hatari kubwa.

Dhana: "Pua ikienda kulia, kanyaga kushoto, itatulia."

Tukumbuke kwanza kinachotokea. Jeti yenye mabawa yaliyolala nyuma inapoteleza upande, bawa lililo upande unakotokea upepo huukabili upepo huo kwa unyoofu zaidi kuliko mwenzake, hivyo hupata nguvu kubwa ya kuinua na kupanda. Wakati huohuo mkia wa wima unairudisha pua kuufuata upepo, pua inapitiliza katikati, na sasa ni zamu ya bawa la pili kupanda. Kwa hiyo pua inakwenda huku na huku, mabawa nayo yanapanda na kushuka kwa kuchelewana kidogo na pua. Kadiri unavyokwenda juu ndivyo mtikisiko huu unavyokawia kufa wenyewe: kwenye futi 35,000 msongamano wa hewa ni takriban theluthi moja tu ya ule wa usawa wa bahari, na hewa hiyo nyepesi haina uwezo mkubwa wa kuupunguza mzunguko wa ndege.

Sasa mtie rubani na pedali zake. Tuseme mzunguko mmoja kamili, yaani kulia, kushoto na kurudi, unachukua sekunde 5. Pua inafika mwisho wake wa kulia, rubani anaiona, anaamua, mguu unakanyaga kushoto, usukani wa mkiani unageuka na ndege inaanza kuitika. Hapo imepita sekunde moja na ushei. Lakini sekunde moja na robo baada ya kufika mwisho wa kulia, pua inapita katikati ikielekea kushoto kwa kasi yake kubwa kuliko wakati mwingine wowote wa mzunguko. Mguu wa kushoto ambao ulikusudia kuizuia ndio unaoisukuma sasa. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea wakati anapokwenda mbele: kila msukumo unamwongezea.

Tatizo si ulegevu wa rubani. Jicho la binadamu huona pua iko wapi, ilhali kinachotakiwa kupingwa ni kasi ya kugeuka kwa pua. Pua ikiwa mwisho kabisa wa kulia, kasi hiyo ni sifuri na hakuna cha kupinga. Ikiwa katikati, ambapo rubani anaiona imenyooka na anapumua, kasi ndiyo kubwa kuliko zote. Yo-dampa haiangalii pua ilipo. Jairoskopu yake inapima kasi ya kugeuka, kompyuta inaipelekea silinda ya usukani amri ya kwenda kinyume na kasi hiyo, na usukani unasogea papo hapo kwa pembe ndogo. Kwenye Boeing 737, kwa mfano, pembe hiyo ni nyuzi mbili au tatu tu. Udogo huo unatosha kwa sababu unafika kwa wakati wake.

Asiyeamini maelezo haya na aisome ajali ya KC-135, ndege ya Jeshi la Anga la Marekani ya kujaza mafuta angani, iliyoruka kutoka kambi ya Manas, Kirigizistani, tarehe 3 Mei 2013. Hitilafu katika mfumo wa kuongoza usukani iliifanya ndege ianze kuyumba, na wafanyakazi wake hawakutambua kwamba ile ni dachi-roli. Walijaribu kuituliza kwa eleroni, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoilaza ndege upande, na kwa otopailoti, na kuyumba kukazidi. Kisha rubani akatumia pedali ya kushoto kuanza kona. Ripoti ya uchunguzi inaeleza jambo ambalo huwa nawasomea wanafunzi polepole: mguu ulipokuwa juu ya pedali, kuyumba kwa ndege yenyewe kulikuwa kunauongezea na kuupunguzia mkandamizo, hivyo usukani ukawa unasogea kidogo kulia na kushoto kwa kuifuata ndege, na mtikisiko ukakua kwa haraka. Muda mfupi baadaye akakanyaga kulia ili kutoka kwenye kona. Mkia ukakatika, na wote watatu waliokuwemo wakafa. Hakukusudia kupambana na dachi-roli kwa miguu, ila mguu kuwepo tu juu ya pedali kulitosha kuilisha.

Ndiyo maana katika chumba cha simuleta agizo langu la kwanza ni nyayo chini sakafuni, na silibadilishi kwa ajili ya mtu yeyote. Mfumo ukiwa mzima lakini umezimwa, uwashe. Ukiwa wenyewe ndio unaoutikisa usukani, kama kwa ndege ile ya Manas, ukate kwa utaratibu wa kitabu cha ndege yako. Ikibidi kutumia mkono, ni eleroni: subiri bawa linapoanza kupanda, lizuie kwa mguso mmoja mfupi, rudisha katikati, kisha usifanye kitu mpaka uone mzunguko unaofuata. Wengi hushindwa hapo pa kusubiri. Halafu punguza mwendo na ushuke kwenye hewa nzito, ambako ndege hujisaidia yenyewe.

Dhana: "Yo-dampa ni ya starehe ya abiria wa nyuma."

Abiria wa nyuma wanafaidika kweli, lakini tarehe 19 Oktoba 1959, karibu na Oso katika jimbo la Washington, Boeing 707 iliyokuwa kwenye safari ya mafunzo iliingizwa katika dachi-roli kwa makusudi, ikalala kupita kikomo kilichowekwa, na injini tatu kati ya nne zikang'oka. Wanne kati ya wanane waliokuwemo walikufa.

Dhana: "Ukiingia kwenye kona, yo-dampa inashindana nawe."

Ingeshindana kama ingekuwa jairoskopu peke yake, maana kwenye kona pua inageuka kwa kasi isiyobadilika. Kwa sababu hiyo kuna kichujio ambacho huiacha ishara isiyobadilika ififie baada ya sekunde chache na kupitisha ile inayopanda na kushuka tu. Kona inapita, mtikisiko unazuiwa.

Dhana: "Pedali hazisogei, basi haifanyi kazi."

Fundi mmoja kijana aliwahi kuniandikia hitilafu kwa sababu hiyo tu. Katika mifumo mingi, ikiwemo ya 737, amri ya yo-dampa inajumlishwa kwenye silinda ya usukani, mbele ya nyaya zinazotoka kwenye pedali, kwa hiyo usukani unasogea na pedali zinatulia. Anayetaka kujua kama inafanya kazi afanye jaribio la mfumo ardhini, mtu akiwa amesimama nyuma akiutazama usukani wenyewe.