Umeme ukikatika siku ya kukabidhi video

Nahariri video kwa wateja walio mbali, na katika kazi hii saa za hatari ni zile za mwisho. Kukata vipande na kupanga sauti kunaweza kuendelea gizani kwa betri tu. Lakini kurenda, yaani kutoa faili la mwisho, kunakula umeme mwingi, na kulipandisha mtandaoni kunahitaji laini itulie kwa muda mrefu. Kwa hiyo mimi hupanga siku nzima kufuata kazi hizo mbili.

Anza na betri ya kompyuta. Uwezo wake huandikwa kwa wati-saa, na wa wati-saa 50 ni wa kawaida. Ukiwa na kazi nyepesi na mwanga wa skrini umepunguzwa, kompyuta inaweza kula kama wati 12, kwa hiyo unapata takriban saa nne. Ukianza kurenda, inaweza kufika wati 50, na saa nne zile zinakuwa moja. Tena kompyuta nyingi hupunguza kasi zikiwa kwenye betri, kwa hiyo kazi iliyochukua saa moja kwenye umeme huweza kuvuka muda huo.

Halafu betri huchakaa. Kwenye Windows, andika amri hii:

```
powercfg /batteryreport
```

Ripoti itakayotoka ina mistari miwili ya kulinganisha: DESIGN CAPACITY, uwezo wa betri ilipokuwa mpya, na FULL CHARGE CAPACITY, inachobeba leo. Ukikuta 50,000 imeshuka hadi 35,000, saa moja ya kurenda imebaki dakika 42. Piga hesabu zako kwa namba hiyo ya pili.

Kisha ruta. Hii haina njaa kubwa, nyingi hutumia chini ya wati 10, na ndiyo maana naona ni hasara kuiwasha kwa inveta kubwa. Pawabenki ya mAh 20,000 inatosha. Namba hiyo hupimwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, kwa hiyo ni wati-saa 74, na baada ya upotevu wa kubadilisha volti hubaki kama 60. Ruta ya wati 8 itakaa zaidi ya saa saba. Unahitaji waya wa kupandisha volti kutoka 5 hadi 12, lakini kwanza soma adapta ya ruta: volti zilingane, na chanya na hasi zikae upande ule ule. Ruta ikijizima na kujiwasha kila mara unapopandisha faili, huo waya au pawabenki imezidiwa.

Jaribu siku ambayo huna haraka: zima swichi kuu ya nyumba, uone kama mtandao unabaki. Wenye faiba mara nyingi wana visanduku viwili, na kile kinachopokea waya wa faiba nacho kinataka umeme. Vyote vikiwaka na bado hakuna mtandao, tatizo liko kwa mtoa huduma, na hapo unahamia data ya simu. Ila usiitegemee peke yake. Umeme ukikatika muda mrefu, watu wote wa eneo hilo huhamia humo, na mnara wenyewe unaweza kuishiwa betri.

Sasa tuchukue video ya GB 1.5 inayotakiwa saa 12 jioni. Hiyo ni megabiti 12,000. Pima kasi ya kupandisha, siyo ya kushusha. Ikiwa megabiti 2 kwa sekunde, ni sekunde 6,000, yaani dakika 100. Naongeza nusu yake kwa ajili ya kuyumba, inakuwa saa mbili na nusu. Kama umeme hukatika hadi saa nne kwa mkupuo, na mtandao ukaondoka nao, naondoa hizo pia. Kurenda lazima kuishe saa 5:30 asubuhi. Hata giza likiingia dakika hiyo hiyo, faili lipo tayari.

Sipandishi faili zima kwa mkupuo, maana baadhi ya tovuti huanza upya laini ikikatika. Nalikata kwa 7-Zip:

```
7z a -mx0 -v100m kazi.7z video.mp4
```

Hapo napata vipande 15, kila kimoja kikichukua kama dakika saba kwa kasi ile. Laini ikikatika, napoteza kipande kimoja tu. Mteja anahitaji vyote kwenye folda moja, kisha anafungua kinachoishia na `.001`. Namweleza hilo mapema, siku tunapokubaliana kazi.

Kabla ya vipande hivyo, hutangulia nakala nyepesi ya video hiyo, ya MB 60 hivi. Hiyo hupita hata kwenye data dhaifu ya simu, na mteja anaweza kuanza kuikagua wakati faili kubwa bado liko njiani.